Karatasi ya mfano isiyoegemea upande

"Nioneshe vipi kuweka alama kwenye karatasi ya kura bila kuonekana ninampigia mtu debe?"

Salaam, ndugu. Anza na karatasi ya mfano. Niliwahi kuchora matunda badala ya wagombea, na mzee mmoja akaniuliza mbona nimeweka chungwa, kwani hapa Kenya, katika kura ya maoni ya 2005, ndizi ilikuwa Ndiyo na chungwa La, na chungwa lingali nembo ya chama cha ODM. Tumia duara, mraba na pembetatu, kisha rudia onesho hilo mara tatu, alama ikiwekwa kwenye umbo tofauti kila mara. Kwa maelezo yako ya mdomo, maneno 200 yanatosha dakika mbili. Mengi yaeleze zile karatasi sita za kura za uchaguzi mkuu. Sentensi kama "chagua kiongozi mwadilifu" ifute, kwa kuwa kila upande hudai sifa hiyo.