Laiki 412, Wanunuzi Wawili

Kitalu cha shangazi yangu kipo Kiwira, wilayani Rungwe, na kinauza miche ya parachichi za Hass iliyobebeshwa. Yeye anashika kisu cha kubebeshea, mimi nipo Mbeya mjini nashika simu na akaunti ya Instagram. Mwanzoni nilikuwa naipima kazi yangu kwa laiki tu. Posti ikipata laiki nyingi nampigia shangazi kumpongeza, ikipata chache nakaa kimya.

Kilichonibadilisha ni posti mbili za mwezi mmoja, Septemba. Ya kwanza ni picha ya asubuhi, ukungu umeufunika Mlima Rungwe na miche imejipanga mbele yake. Iliwafikia watu 5,200, ikapata laiki 412, waliohifadhi 6, walioshea 9. Ya pili ni kurasa tano za jinsi ya kuchimba shimo la parachichi: futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, udongo wa juu kando na wa chini kando, samadi iliyooza ichanganywe na ule wa juu, nafasi ya mita 7 kwa 7, ambayo ni miche kama 82 kwa ekari. Hiyo iliwafikia watu 2,900 tu. Laiki 87, waliohifadhi 118, walioshea 64.

Kwa macho ya laiki, posti ya shimo ilikuwa imeanguka. Lakini shangazi ana daftari, na kila anayepiga simu tunamuuliza, "Ulituona kwenye posti gani?" Hadi mwisho wa Desemba, picha ya ukungu ilikuwa imeleta wanunuzi 2, miche 25. Posti ya shimo ilileta wanunuzi 11, miche 640.

Nilikaa na namba hizo muda mrefu. Laiki ni kidole kimoja na sekunde moja. Watu wanaipiga kwa sababu picha ni nzuri, kwa sababu ni ndugu, kwa sababu mlisoma pamoja Mbeya Day, au kwa sababu nawe uliwapigia jana. Binamu yangu aliyeko Dar anapiga laiki kila kitu ninachoweka na hana hata kiwanja cha kupanda mchicha. Kuhifadhi ni tendo la siri. Hakuna rafiki anayeliona, hata mimi mwenye akaunti naona idadi tu na si majina. Mtu hahifadhi ili kukufurahisha. Anahifadhi kwa sababu anajua atarudi. Kushea nako kuna gharama yake: anayeituma posti yangu kwa mume wake, au kwa mwenzake wa kikundi, ameweka jina lake juu ya maneno yangu.

Daftari lilionyesha jambo jingine, tofauti ya muda. Kati ya wale 11, watatu tu walipiga simu ndani ya wiki mbili. Wanane walipiga Novemba, mvua zilipokaribia. Mzee mmoja wa Ileje alimwambia shangazi, "Mwanangu, nilikuwa naifungua ile karatasi yenu shambani kila nikimaliza shimo." Karatasi anayoisema ni posti aliyoihifadhi. Kama ningefunga hesabu baada ya wiki mbili, ningesema posti ya shimo imeizidi ya ukungu kwa mnunuzi mmoja tu.

Basi, uzito wa laiki, kuhifadhi na kushea upangweje? Nitaeleza nilivyofanya, kwa sababu watu wengi huchukua tu namba walizoziona mtandaoni.

Kwanza niliacha kulinganisha idadi tupu, nikaanza kugawa kwa waliofikiwa. Fungua posti, bonyeza sehemu iliyoandikwa View insights, chukua idadi ya waliofikiwa, kisha tafuta kila tendo ni mangapi kwa kila watu elfu. Picha ya ukungu: laiki 79, kuhifadhi 1.2, kushea 1.7. Posti ya shimo: laiki 30, kuhifadhi 41, kushea 22. Hapo tu matokeo yameshageuka.

Pili nilitafuta uzito wa kuanzia kwa kuangalia tendo lipi ni adimu. Kwa posti 30 za miezi sita, kuanzia Juni, nilikuwa na laiki 3,600, kuhifadhi 450 na kushea 300. Kwa hiyo kuhifadhi kumoja kunatokea mara moja kwa kila laiki 8, na kushea mara moja kwa kila laiki 12. Nikaanza na 1, 8 na 12. Ukizidisha na kujumlisha, picha ya ukungu inapata kama 109 na posti ya shimo 622.

Lakini uadimu peke yake si ushahidi. Hata mtu kuripoti posti yako ni jambo adimu. Inabidi uzito upimwe na kile unachokitaka, na mimi nataka wanunuzi. Nikazipanga zile posti 30 mara tatu: kwa laiki, kwa kuhifadhi, kwa kushea, zote kwa watu elfu. Kila mara nikachukua 10 za juu, nikahesabu zimeleta wanunuzi wangapi kati ya 61 tuliokuwa nao. Kumi za juu kwa laiki zilileta 20. Kwa kushea, 37. Kwa kuhifadhi, 43.

Angalia hiyo 20 vizuri. Posti 10 kati ya 30 ni theluthi moja, na 20 kati ya 61 ni theluthi moja pia. Maana yake ningeweza kufumba macho, nikachomoa posti 10 kwenye kapu, nikapata karibu jibu lile lile. Kwa biashara yetu laiki haikuniambia chochote kuhusu nani atanunua. Iliniuma, maana nilikuwa nimeitumikia laiki zaidi ya mwaka mzima.

Kwa kuwa kuhifadhi kulishinda kushea ingawa kunatokea zaidi, nilikupandisha kutoka 8 hadi 15, kushea nikakuacha kwenye 12, laiki ikabaki 1. Sasa ukungu unapata 117 na shimo 909, karibu mara nane. Wanunuzi kwa watu elfu walikuwa wamepishana mara kumi. Ningeweza kuendelea kusukuma namba mpaka zilingane kabisa, lakini huko ni kuzifinyanga zifuate posti mbili nilizokwisha kuziona. Nilizifunga pale pale, nikazijaribu kwenye posti 8 za Januari ambazo hazikuwemo kwenye hesabu. Tatu zilizopata alama za juu zilileta wanunuzi 12 kati ya 17. Hilo ndilo jaribio la kuamini.

Mitandao yenyewe inafanya kazi ya namna hii. Nyaraka za ndani za Facebook zilizovuja mwaka 2021 zilionyesha kwamba tangu walipobadilisha namna ya kupanga posti mwaka 2018, laiki ilihesabiwa pointi 1, kushea kwa kawaida 5, na maoni yenye maneno ya kutosha hadi 30. Kwa Instagram, mkuu wake Adam Mosseri alisema Januari 2025 kwamba wanaangalia zaidi muda wa kutazama, laiki kwa waliofikiwa, na kutumwa kwa waliofikiwa. Laiki ina nguvu kidogo zaidi kwa wanaokufuata tayari, na kutumwa kuna nguvu zaidi kwa wasiokufuata. Nililiona hilo kwetu. Waliofikiwa na posti ya shimo, asilimia 61 hawakuwa wafuasi; kwenye ukungu ilikuwa asilimia 14. Lakini usichukue uzito wa Facebook ukauweka kwenye kitalu chako. Wao walikuwa wanatafuta watu wazungumze na wabaki mtandaoni. Wewe unatafuta mtu aje na gari la kubebea miche.

Februari nilikutana na kasoro ya kanuni yangu. Niliweka posti ya kuonya kuhusu miche isiyobebeshwa inayouzwa kama imebebeshwa, na picha ya shina lisilo na kovu la kuungia. Ilisambaa hadi watu 14,000, ikashewa mara 310. Kushea kwa watu elfu kulikuwa 22, sawasawa na posti ya shimo. Alama zangu ziliipa 326, karibu mara tatu ya ukungu. Shangazi alipata mnunuzi mmoja.

Watu walikuwa na hasira, na hasira hushewa haraka. Facebook nao walilipata hilo: emoji ya hasira waliipa pointi 5 kama kushea, wakaishusha hatua kwa hatua, na mwaka 2020 wakaifanya sifuri. Kilichoweza kunishtua mapema ni waliohifadhi: 22 tu, yaani 1.6 kwa elfu. Posti ya shimo ilihifadhiwa karibu mara mbili ya ilivyoshewa. Hii ilishewa mara 14 ya ilivyohifadhiwa. Tangu hapo sihesabu kushea zaidi ya mara mbili ya kuhifadhi. Kwa kanuni hiyo posti ya onyo inashuka hadi 100, chini ya ukungu, na daftari linakubali. Sijutii kuiweka, mkulima anastahili kuonywa. Ila siihesabu kama dalili ya wateja.

Tahadhari chache nazishika bila kulegeza. Posti iliyofikia watu chini ya 500 siipigii hesabu, kwa sababu watu watatu wakihifadhi kwa bahati tu namba inaruka. Kurasa za maelekezo nazilinganisha na kurasa za maelekezo, video na video, maana maelekezo huhifadhiwa zaidi kwa asili yake. Na siandiki kamwe "hifadhi na ushee upate mche wa bure." Ukishawalipa watu kwa tendo, tendo hilo haliwezi tena kukuambia wanachotaka. Maoni ya "bei gani?" nayaandika pembeni kabisa, huyo tayari yupo mlangoni.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna namba inayokionyesha. Mwezi wa tatu mama mmoja alitoka Makete hadi Kiwira na simu mkononi. Alimwonyesha shangazi picha ya skrini ya ukurasa wa tatu wa ile posti ya shimo, aliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chao. Jina la akaunti lilikuwa limekatwa. Alikuwa ameulizia vitalu viwili njiani kabla ya kutufikia. Picha ya skrini haihesabiwi kuwa kushea wala kuhifadhi. Sasa kila ukurasa ninaotengeneza una namba ya simu ya kitalu ndani ya picha yenyewe, katikati chini ya mchoro, mahali ambapo mtu hawezi kuikata bila kukata na shimo.