Jumla ya kani za maegemeo imetimia, mbona jibu si sahihi?

Swali: Mhandisi, naomba unitatulie ubishi. Nina boriti ya mita 6 iliyoegemea ncha zote mbili, A kushoto na B kulia. Ina mzigo wa nukta wa kN 18 ulio mita 1 kutoka A, na mzigo uliosambaa wa kN 10 kwa kila mita, kuanzia mita 3 hadi mita 5.4 kutoka A. Mimi nimepata A kN 27 na B kN 15, jumla 42, sawasawa na mizigo yote. Mwenzangu amepata 22.2 na 19.8, na yake pia ni 42. Nani amepatia?

Jibu: Mwenzako ndiye aliyepatia. Ila kinachonikera si kosa lako, ni hiyo 42. Karibu kila anayeniletea hesabu iliyokosewa huja na jumla iliyotimia, naye huinyoosha mbele yangu kama hati ya ushahidi.

Hebu tuone hiyo 42 ina thamani gani. Mtu akigawa mizigo yote nusu kwa nusu atapata 21 na 21. Jumla 42. Mwingine atachukua nusu ya urefu wa mzigo uliosambaa, yaani mita 1.2, asahau kuongeza zile mita 3 za kutoka A hadi mzigo unapoanza. Atapata A 34.2 na B 7.8. Jumla 42. Wewe umepata 27 na 15, mwenzako 22.2 na 19.8. Majibu manne yanayopingana, na mtihani wenu umeyapitisha yote.

Sababu ni kwamba wengi hutafuta kani ya egemeo moja kwa momenti, kisha ya pili huipata kwa kutoa: 42 kasoro ya kwanza. Ukishaipata namba kwa kuitoa kwenye 42, ukairudisha ulikoitoa, ni lazima upate 42. Hapo hujahakiki chochote isipokuwa kwamba unajua kutoa na kujumlisha. Usawa wa kani za wima unasema tu kwamba boriti haipandi wala haishuki. Mzigo umekaa wapi, hilo ni la momenti peke yake.

Chukua rula, iweke juu ya mizani mbili ndogo, moja kila ncha, halafu weka jiwe juu yake. Lisogeze jiwe polepole kuelekea kulia. Mizani ya kushoto itapungua, ya kulia itaongezeka, na ukijumlisha vipimo vya zote mbili utapata namba ile ile muda wote. Jumla haijui jiwe liko wapi.

Sasa hesabu yenyewe. Mzigo uliosambaa una urefu wa mita 2.4, kwa hiyo jumla yake ni kN 24. Kwa ajili ya kutafuta kani za maegemeo tunaruhusiwa kuukusanya mahali pamoja, na mahali hapo ni katikati ya sehemu iliyobeba mzigo. Si katikati ya boriti. Mzigo unaanzia mita 3, nusu ya urefu wake ni 1.2, basi kitovu chake kiko mita 4.2 kutoka A. Tukichukua momenti kuzunguka A:

```
RB × 6 = 18 × 1 + 24 × 4.2
RB × 6 = 118.8
RB = 19.8 kN
```

Kani ya A usiipate kwa kutoa. Anza upya, zunguka B, na upime umbali wote kutoka B kwenye mchoro. Mzigo wa nukta uko mita 5 kutoka B. Mzigo uliosambaa unaishia mita 0.6 kabla ya B, ongeza 1.2, kitovu kiko mita 1.8.

```
RA × 6 = 18 × 5 + 24 × 1.8
RA × 6 = 133.2
RA = 22.2 kN
```

Sasa ukijumlisha 22.2 na 19.8 ukapata 42, ile 42 ina uzito, kwa sababu kila namba imetoka kwenye mlinganyo wake. Yule aliyesahau zile mita 3 angenaswa hapa: kwa kuzunguka A angepata B 7.8, na akirudia kosa hilo hilo upande wa B, kwa kusahau zile mita 0.6, angepata A 19.8. Jumla 27.6, na angejua papo hapo kuna kitu kimeharibika.

Lakini kosa lako wewe lisingenaswa hata kwa njia hiyo, na ndiyo maana linanisumbua kuliko mengine yote. Umeuweka mzigo wa kN 24 katikati ya boriti, mita 3 kutoka A, ambazo pia ni mita 3 kutoka B. Ukizunguka A unapata B 15. Ukizunguka B unapata A 27. Hesabu zote mbili zinakubaliana, kwa kuwa zote mbili zinaeleza boriti moja. Tatizo ni kwamba boriti hiyo si yako.

Nadhani najua ulikoipata. Kuna njia ya mkato inayozungushwa na watu wanaojiita wataalamu: chukua mzigo uliosambaa kwa sehemu, usambaze kwenye boriti nzima, kisha tumia fomula ya kawaida. kN 24 kwa mita 6 ni kN 4 kwa mita, kila egemeo linapata 12, unaongeza mgao wa mzigo wa nukta, umemaliza. Inatoa 27 na 15 barabara. Wanaoifundisha husema inaokoa muda. Inaokoa kuzidisha mara moja tu, basi, na malipo yake ni kani isiyo ya kweli kwenye kila egemeo. Njia hiyo ni sahihi pale tu ambapo kitovu cha mzigo kinaangukia katikati ya boriti. Hapo ulikuwa huihitaji hata hivyo.

Kosa la namna hii unalikamata kwa kuutazama kila mzigo peke yake kabla hujagusa kikokotoo. Mzigo wa nukta uko sehemu moja ya sita ya njia kutoka A, kwa hiyo B anapata moja ya sita ya kN 18, yaani 3, na A anapata 15. Mzigo uliosambaa wote uko nusu ya kulia. Basi ni lazima B abebe zaidi ya nusu ya kN 24, zaidi ya 12. Ongeza zile 3: kani ya B lazima izidi 15. Wewe umepata 15 kamili. Namba yako yenyewe imekushitaki, maana inadai mzigo wote ulio upande wa kulia umegawanyika sawa kwa sawa. Mgao halisi wa mzigo huo ni 7.2 kwa A na 16.8 kwa B.

Egemeo la B, kwa hesabu yako, lingetengenezwa kubeba kN 15 huku linaletewa 19.8. Karibu robo ya mzigo wake haikuhesabiwa. Na hapo bado hatujaweka uzito wa boriti yenyewe, ambao kwenye kazi halisi lazima uingie. Huo ndio unaosambaa urefu wote, na ndio pekee hapa unaogawanyika nusu kwa nusu.

Kosa halikomei kwenye egemeo. Ukisambaza mzigo boriti nzima, momenti kubwa ya kupinda inatoka kama 28.1 kNm, mita 2.25 kutoka A. Ya kweli ni hii: toka A na 22.2, toa 18, kani ya kukata iliyobaki ni 4.2 na inabaki hivyo hadi mita 3. Kutoka hapo mzigo unaila kN 10 kwa kila mita, basi inaisha baada ya mita 0.42. Momenti kubwa iko mita 3.42 kutoka A:

```
M = 22.2 × 3.42 − 18 × 2.42 − 10 × 0.42² / 2
M = 31.5 kNm
```

Kwa hiyo njia ya mkato imekupunguzia momenti kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, tena imekuonyesha mahali pasipo penyewe. Angalia pia kwamba hapa mzigo uliosambaa umerudi kuwa uliosambaa: nimehesabu zile mita 0.42 tu zilizo kushoto ya pale tunapoikata boriti, mita 3.42. Mwambie na mwenzako, kwa kuwa waliopatia kani za maegemeo wengi huanguka hapa. Wanauacha mzigo umekusanywa pale mita 4.2 na kupata 35.6 kNm. Kukusanya mzigo ni ruhusa ya muda, kwa kutafuta kani za nje ya boriti nzima. Ukishakata boriti katikati ya mzigo, ruhusa hiyo imekwisha. Unakusanya kile tu kilichobaki upande mmoja wa mkato.

Na kwa kuwa anayezoea kugawa nusu kwa nusu hufika mbali na mazoea hayo, niseme na la boriti ndefu inayopita juu ya maegemeo matatu. Huko hata momenti zilizochukuliwa vizuri hazitoshi, kwa sababu milinganyo ya usawa ni miwili yenye kazi na kani zisizojulikana ni tatu. Nimeona mtu akiikata boriti ya namna hiyo kwenye karatasi kuwa vipande viwili, kila kimoja kikipeleka nusu ya mzigo wake katikati. Nafasi mbili kati ya maegemeo zikiwa sawa, boriti ikiwa na ugumu ule ule kote, maegemeo yasididimie, na mzigo umesambaa kote, egemeo la kati kwa hesabu hiyo linapata mzigo wa nafasi moja nzima. Kwa kweli linapata moja na robo, na yale ya pembeni hupata tatu ya nane kila moja badala ya nusu. Jumlisha: nafasi mbili kamili, kwa njia zote mbili.