Ukipima simu za wateja, tazama nani alitoa jibu la utambulisho

Kazi yangu hapa Mwanza ni kusoma maandishi ya simu za huduma kwa wateja na kuyapa alama kwa mambo manne: salamu, uhakiki wa utambulisho, utatuzi na kufunga simu. Kwetu salamu ina alama 10, uhakiki 30, utatuzi 45 na kufunga 15. Ushauri wangu mkubwa kwa anayeanza kazi hii ni kwamba usitafute maneno tu. Tazama nani ameyasema, na kabla ya nini.

Chukua simu kama hii, ambayo nimeitunga kwa mfano wa nyingi ninazopitia. Mama mmoja anauza dagaa Mwaloni Kirumba, na amekosea namba wakati wa kutuma pesa:

Mhudumu: Habari za asubuhi, karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini?
Mteja: Nzuri. Nimetuma 85,000 imeenda kwa mtu simjui.
Mhudumu: Pole sana mama. Naiona hapa, imetoka saa mbili na dakika kumi, salio lako limebaki 12,400. Umezaliwa tarehe 12 Machi 1984, ndivyo?
Mteja: Ndiyo.
Mhudumu: Sawa mama, tutalishughulikia. Kuna lingine?
Mteja: Hapana.
Mhudumu: Asante kwa kupiga, siku njema.

Mpimaji mwenye haraka ataweka vema kwenye vipengele vyote vinne, kwa sababu salamu ipo, tarehe ya kuzaliwa imetajwa, pole imetolewa na asante imesemwa. Mimi naipa 40.

Uhakiki unapata sifuri kwa sababu mbili. Salio limetajwa kabla mhudumu hajajua anaongea na nani. Halafu jibu amelitoa yeye mwenyewe, na mteja amebaki kuitikia. Mtu aliyeiokota simu ya mama huyo angesema "ndiyo" vilevile. Swali linalohakiki ni lile linalomwacha mteja ataje mwenyewe: "Naomba unitajie tarehe yako ya kuzaliwa."

Hapo kuna mtego mwingine. Wahudumu wengi huuliza tarehe ya kuzaliwa kisha namba ya NIDA, na mpimaji akahesabu maswali mawili. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mwenye kitambulisho cha mtu mkononi anayo majibu yote mawili. Swali la pili litoke kwingine, kwa mfano muamala wa mwisho alioufanya mteja kabla ya huo wa tatizo. Namba ya siri haiulizwi kamwe, na ukiikuta kwenye maandishi, ipeleke kwa msimamizi siku hiyohiyo.

Kwenye utatuzi natoa 15 kati ya 45. Mhudumu ameuona muamala na amempa pole, basi. "Tutalishughulikia" haimwambii mama yule nani atafanya nini, lini, wala namba ya kumbukumbu ya kufuatilia. Kipimo changu ni hiki: simu ikikatika sasa hivi, mteja anajua hatua inayofuata? Salamu na kufunga nazipa alama zake zote, 10 na 15.

Vituo vingine vikikuta kosa la uhakiki huifuta simu nzima iwe sifuri. Siungi mkono. Andika pembeni "imefeli uhakiki" ili hatua zichukuliwe, lakini iache ile 40 ionekane, maana anayemfundisha mhudumu anahitaji kujua kipi alikifanya vizuri. Na mtu akipiga kuuliza ofisi inafungwa saa ngapi, uhakiki hauhusiki: iondoe ile 30 kwenye jumla na upime kwa 70. Akipata 56, ana asilimia 80.

Maandishi yenyewe nayo yana mipaka. Mashine inayoyaandika hubadilisha wasemaji, na "ndiyo" ya mteja ikawa ya mhudumu. Huku kwetu mteja akianza na "mwangaluka", na mhudumu akaitikia kwa Kisukuma, unakuta mstari usiosomeka, kisha mhudumu ananyimwa alama za salamu nzuri kuliko zote za siku hiyo. Mstari wa salamu au wa uhakiki ukionekana wa ajabu, sikiliza sauti ya sehemu hiyo kabla ya kukata alama.

Kila alama unayokata, andika namba ya mstari uliokufanya ukate. Mara kwa mara wape watu wawili simu zilezile wazipime bila kuonana, kisha linganisha kipengele kwa kipengele. Jumla hudanganya: mmoja atakata 30 za uhakiki, mwingine 30 za utatuzi, wote waandike 70 na waonekane wamekubaliana. Ugomvi mwingi nimeuona kwenye utatuzi, na ukitokea, sentensi inayoeleza kipengele hicho kwenye orodha ya kupimia ndiyo inayoandikwa upya.