Umepata Kazi Kwingine? Mwandikie Aliyekuwa Akikungojea

Mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, niliomba kazi mbili kwa mpigo: ukarani wa hesabu kwenye hoteli moja ya Shela, kule Lamu, na kazi kama hiyo hapa Malindi. Huo ndio msimu wa kuomba. Hoteli nyingi za Shela hufunga au hupunguza kazi mvua zikishika, kisha hutafuta watu wapya kabla ya wageni wa Julai. Hoteli ya Lamu ilinihoji kwa simu, ikanipangia mahojiano ya pili siku ya Alhamisi, saa nane mchana, ana kwa ana. Jumatatu jioni nikapigiwa simu na watu wa Malindi: nafasi ni yako.

Usiku ule ule nilitaka kuwaandikia wa Lamu. Shangazi yangu, aliyefanya kazi mapokezi miaka mingi, akaniuliza kama nimeona barua. Sikuwa nimeiona. Akaniambia nisiandike neno mpaka niishike mkononi.

Alikuwa na haki. Simu ya "nafasi ni yako" inaweza kubadilika: meneja mkuu hajaidhinisha, mshahara unashuka, tarehe ya kuanza inasogezwa hadi usiijue. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, kwa hiyo kuomba karatasi si ukaidi wala dharau. Ngoja barua yenye cheo, mshahara na siku ya kuanza. Isome, itie sahihi, uwarudishie, ubaki na nakala. Mimi nilitia sahihi Jumanne saa nne asubuhi. Kutoka hapo saa ilikuwa inahesabika kwa upande wangu, maana Lamu walikuwa bado wananingoja.

Na kungojewa Lamu si jambo dogo. Mtu wa Malindi hupanda basi la asubuhi, apite Garsen na Witu hadi Mokowe, avuke kwa boti hadi Amu, mjini Lamu, kisha achukue boti nyingine hadi Shela. Hoteli ilikuwa imeniambia kuna mtu atanipokea gatini. Meneja wa hesabu alikuwa ametenga mchana wake. Usipotokea, hayo yote yamepotea, na kuna mwombaji mwingine ambaye angepewa saa ile ile nane. Kwa hiyo siku mbili kabla, barua inatosha. Ikiwa zimebaki saa 24 au chini, piga simu kwanza, kisha uandike ili maneno yabaki na ushahidi.

Rasimu yangu ya kwanza ilijaa ukurasa. Nilieleza jinsi nilivyoipenda hoteli yao, mama anavyonihitaji karibu, na kwamba "kwa sasa ninafikiria upya suala la kuja." Shangazi aliisoma akanirudishia simu. "Sasa mwanangu, unakwenda au huendi?"

Ukitaka kuondoa ombi, sema unaliondoa. "Ninafikiria upya" husomwa kama maneno ya mtu anayetaka aongezwe mshahara, na afisa wa ajira mwenye nia njema atakupigia akuulize unataka ngapi. "Sitaweza kufika Alhamisi" husomwa kama ombi la tarehe nyingine, naye atakupa Jumatatu. Nikafuta karibu yote, nikabakiza hivi:

"Kichwa: Kuondoa ombi la kazi ya karani wa hesabu, mahojiano ya Alhamisi

Habari ya asubuhi, Bi. Fulani.

Naomba kuondoa ombi langu la kazi ya karani wa hesabu, kwa kuwa nimekubali kazi kwingine. Kwa hiyo sitafika kwenye mahojiano ya Alhamisi saa nane mchana, na nafasi hiyo mnaweza kumpa mwombaji mwingine.

Nakushukuru kwa muda ulionipa kwenye simu na kwa kunieleza kazi kwa utulivu. Nawatakia msimu mwema.

Wako,"

Chini yake jina langu kamili kama lilivyo kwenye ombi, na namba ya simu. Basi.

Uamuzi uko kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu afisa huyo husoma kwenye simu akiwa na waombaji wengine mezani. Cheo cha kazi na siku ya mahojiano vimo, maana huenda hoteli inaajiri wapishi, wahudumu na makarani kwa pamoja, na jina peke yake halimwambii ni faili lipi la kufunga. Kama tangazo lilikuwa na namba ya kumbukumbu, iweke kwenye kichwa. Shukrani inataja jambo lililotokea kweli. Mimi niliikumbuka ile simu yake kwa sababu alinieleza kazi bila haraka, nami sikutaka jambo hilo lipite bila kusemwa.

Sikutaja mwajiri mpya wala mshahara. Ukitaja mshahara umefungua mnada usioutaka. Pia sikuomba radhi mara tatu. Kuondoa ombi ni haki ya mwombaji, hujavunja ahadi yoyote. Radhi ya kweli ni kuwapa habari mapema.

Mambo haya yote ni ya mtu ambaye hajakubali kazi ya hao anaowaandikia. Ikiwa ulishatia sahihi barua yao, huna ombi tena la kuondoa, una mkataba. Hapo soma kipengele cha notisi kwanza, na uongee nao kwa simu kabla ya kuandika chochote.

Jibu ndani ya baruapepe ile ile waliyokuitia mahojiano, ili historia yote ibaki mahali pamoja, na utumie lugha waliyokuandikia wao. Kama mlikuwa mkiwasiliana kwa WhatsApp, ongeza mstari mmoja huko: "Nimekutumia baruapepe kuhusu ombi langu, tafadhali itazame." Uliomba kupitia tovuti? Bonyeza kitufe cha kuondoa ombi, lakini mwandikie pia yule mliyezungumza, kwa kuwa kitufe hakimfikii mtu wa gatini.

Mimi nilikuwa na deni jingine. Mjomba ndiye aliyenipeleka kwa watu wa Shela. Jina lake lilikuwa mbele yangu. Nilimpigia kabla ya kutuma, ili asikie kwangu na si kwa meneja akikutana naye msikitini. Baadaye niliwaarifu wadhamini wangu wawili, wasije wakapoteza muda kujibu maswali juu ya kazi ambayo sikuitaka tena.

Utajuaje kwamba umeeleweka? Jibu fupi la kupokea, au kimya bila mwaliko mpya. Ukiona ujumbe wa kukuthibitishia mahojiano, barua haikusomwa au haikuwa wazi. Piga simu siku hiyo hiyo. Mimi nilijibiwa baada ya saa moja hivi, kisha simu ikalia. Bi. yule aliuliza kama wakiongeza kidogo ningefikiria. Nilimwambia, "Ahsante sana dada, nimeshatia sahihi." Hakuuliza tena, akaniambia saa ile ya Alhamisi amempa msichana mmoja wa Amu.

Wanayo bado nakala ya kitambulisho changu na vyeti. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaniruhusu kuomba vifutwe wasipovihitaji tena. Sikuomba. Nilimwandikia tu kwamba wakipenda wavihifadhi hadi masika yajayo.