Nikikamua napata mililita 40 tu. Nimzoeshe mtoto maziwa ya kopo kabla sijarudi kazini?

Swali: Mtoto wangu ana miezi mitatu na nusu, ananyonya tu, hajapewa hata maji. Likizo yangu inaisha wiki tatu zijazo, nitakuwa natoka nyumbani saa 1 asubuhi na kurudi saa 10 na nusu jioni. Jana nilimnyonyesha, kisha nikajaribu pampu, nikapata mililita 40 matiti yote mawili. Mama mkwe anasema maziwa hayatoshi, nimuanzishie kopo mapema azoee. Nifanyeje?

Jibu: Dada, umekamua titi ambalo mtoto ametoka kulinyonya. Hizo 40 ni masalio yake, na kwa mtu anayejaribu pampu mara ya kwanza si haba. Pampu haipimi maziwa uliyonayo, anayeyapima ni mtoto. Akilowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo ukiwa mweupe, na uzito kwenye kadi ya kliniki ukizidi kupanda, basi anashiba.

Mama mkwe hana nia mbaya, lakini angalia ushauri wake unavyofanya kazi. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyotolewa maziwa. Likikaa limejaa, mwili unapunguza. Ukianza kopo leo, kila chupa ni mnyonyo mmoja uliorukwa, na ndani ya wiki hizo tatu maziwa yatakuwa yamepungua kweli. Hapo ataonekana alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Tupige hesabu ya siku yako. Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 anayenyonya tu hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima, na kiasi hicho hakiongezeki sana hata anapokua. Gawa 800 kwa saa 24, utapata kama 33 kwa saa. Wewe utakuwa mbali saa 9 na nusu, kwa hiyo anahitaji karibu mililita 320. Hiyo ni milo mitatu ya mililita 100 na ushee, basi. Kina mama wengi hufika kwangu wakiwa wameambiwa wajaze friza, wamechoka kabla hata ya siku ya kwanza ya kazi. Akiba unayohitaji ni ya siku moja tu, kwa sababu utakachokamua kazini Jumatatu ndicho atakachokunywa Jumanne.

Na akiba hiyo unaipata kwa hizo hizo 40. Kamua mara moja kwa siku, asubuhi, kama saa moja baada ya kumnyonyesha, maana wengi huwa na maziwa mengi wakati huo. Siku 8 zinakupa 320. Endelea siku nyingine chache upate ya dharura, siku utakayochelewa kurudi. Gandisha kwa mafungu madogo ya mililita 50 hadi 100, uandike tarehe, na yatumike ya zamani kwanza. Kama huna friza, anza siku 4 kabla ya kurudi kazini na ukamue mara mbili kwa siku, kwa kuwa maziwa ya mama hukaa kwenye friji siku 4 bila kuharibika.

Kazini kamua saa 4, saa 7 na saa 9, kwa dakika 15 hadi 20 kila awamu. Utashangaa kuona yanatoka zaidi ya 40, kwani sasa unatoa mlo ambao mtoto angeunyonya saa hizo. Pampu ikikusumbua, tumia mkono. Weka kidole gumba juu na vidole vingine chini ya titi, sentimita 3 au 4 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha ndipo ubane, uachie, urudie. Usiivute chuchu, haitoi maziwa, itachubuka tu. Maziwa hukaa nje kwa saa 4 kama chumba hakizidi nyuzi 25. Kwenye joto zaidi ya hapo, au ukikaa muda mrefu zaidi, beba kisanduku cha baridi chenye vifuko vya barafu, kitakufikisha nyumbani. Ukirudi, mpe titi kabla hujavua viatu, na usiku mwache anyonye atakavyo. Wapo watoto wanaokunywa kidogo mchana mama asipokuwepo wakafidia usiku. Inachosha, sikatai, ila ndiyo inayolinda maziwa yako.

Mlezi mwonyeshe kikombe cha maziwa kilicholala kwenye friji. Juu kuna utando mzito wa mafuta, chini maji maji ya rangi ya samawati kwa mbali. Mama mmoja niliyemhudumia alikuta mlezi amemwaga maziwa ya siku nzima akidhani yamekatika. Hayajakatika, yanatikiswa taratibu yanachanganyika. Mwambie ayapashe kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, si kwenye maikrowevu, kwani huacha sehemu zenye moto wa kuunguza. Alichobakiza mtoto kitumike ndani ya saa 2 au kimwagwe. Kwa hiyo ampimie kidogo kidogo, kwa kikombe au kwa chupa iliyolazwa ili mtoto avute mwenyewe. Chupa iliyosimama humiminika tu, mtoto anamaliza mililita 150 bila kuzihitaji, na wewe unaambiwa tena kwamba maziwa hayatoshi.

Sasa, kopo lina mahali pake. Kama kazi yako haikuruhusu kabisa kukamua, au wiki mbili zimepita na kwa awamu zote tatu hufiki 320 ingawa umejaribu kuongeza moja ya usiku, mpe kopo kwa kile kilichopungua tu. Ukikosa 100, jaza hiyo 100, na titi liendelee asubuhi, jioni na usiku. Ukiamua mchana wote uwe wa kopo, acha mnyonyo mmoja kila baada ya siku 3 au 4, usikate yote siku moja. Titi lililokatiwa ghafla huvimba, na ukiona sehemu nyekundu yenye moto pamoja na homa, nenda hospitali huku ukiendelea kunyonyesha.

Ninachohofia kwenye kopo ni utayarishaji. Unga ule hauko safi kwa asilimia mia, unaweza kuwa na bakteria wa kumletea mtoto homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo maji yachemke, yapoe kwa muda usiozidi nusu saa ili yabaki na nyuzi 70 au zaidi, unga utiwe humo, kisha chupa ipozwe kwenye maji baridi. Tumia kijiko cha kopo hilo hilo, kilichosawazishwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Mlezi akiongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi, mtoto anashiba maji, uzito unasimama, na chumvi ya mwilini inaweza kushuka hadi apate degedege.

Wiki moja kabla ya kuanza, toka nyumbani saa tatu nzima umwachie mlezi mililita 100. Watoto wengi hukataa kikombe wakisikia harufu ya mama chumba cha pili, kwa hiyo usijifiche jikoni. Toka kweli.