Printa Ikiandika Offline, Toa Kidole Kwenye Print

Jana nimemkuta kijana wetu mpya kwenye kompyuta ya masijala, anabofya Print kama mtu anayeita lifti. Foleni ina kazi kumi na moja, zote barua ileile. Nilicheka, kisha nikajikumbuka. Basi wadogo zangu, someni.

1. Offline ni maneno ya kompyuta, si ya printa. Kompyuta inasema imeita, haikuitikiwa. Printa yenyewe inaweza kuwa inawaka taa ya kijani na haina habari, kwa hiyo acheni kuchomoa tona.

2. Kazi uliyotuma haipotei. Inakaa kwenye diski ya kompyuta, inasubiri. Mimi nililijua hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza, Ijumaa jioni, mhasibu alinituma niprinti orodha ya mishahara, nakala moja. Offline. Nikabofya tena mara sita. Nikazima printa, nikazima na kompyuta, nikaamini yameisha, nikadandia daladala. Kumbe waya wa netiweki ulikuwa umechomoka nyuma ya printa. Jumatatu asubuhi mtu mwema akauchomeka na kuiwasha printa, mwingine akawasha kompyuta. Nakala saba, kila moja kurasa nne, zikajaa kwenye trei pale mlangoni. Nilipoingia, dereva alinisalimia kwa kunitajia mshahara wangu, akaongezea na wa bosi. Mhasibu hakunigombeza. Wiki mbili nzima alinipa salamu tu.

3. Fungua foleni, tazama kazi ya juu. Hiyo ikikwama, zote za nyuma zinakwama. Ifute kwa Cancel. Ikiganda kwenye Deleting, fungua Command Prompt kama Administrator:

```
net stop spooler
del /Q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler
```

Ila mstari wa kati unafagia kazi za kila mtu aliyetuma kutoka kompyuta hiyo. Uliza kwa sauti kwanza, la sivyo utafuta barua ya mtu aliyekwenda kunywa chai.

4. Bado Offline? Angalia waya, kisha menyu ya Printer kwenye dirisha la foleni: Use Printer Offline ikiwa na tiki, itoe. Kisha anwani ya printa kwenye netiweki, na hii ndiyo ilikuwa shida ya jana. Umeme ulikatika juzi, rauta iliporudi ikaipa printa anwani nyingine. Tulitoa ukurasa wa mipangilio kwenye printa yenyewe, ukasema 192.168.1.45. Kwenye Printer properties, sehemu ya Ports, ilikuwa 192.168.1.23. Kompyuta ilikuwa inapiga hodi nyumba iliyohamwa! Tulirekebisha namba kwa Configure Port. Watu wa IT wakiifungia printa anwani moja kwenye rauta, haitahama tena.

Kabla ya kurekebisha tulifuta barua kumi, tukabakiza moja. Ikatoka safi kabisa, jina la mkurugenzi limekosewa.