Bei ya jana isionekane leo

“Bei ya changu na nguru hapa Bagamoyo hubadilika asubuhi na jioni. Nikisahau kuingia kwenye Google Sheets, tovuti inaonyesha bei ya jana. Nifanyeje?”

Bei ikiwa kwenye safu C, tarehe na saa ya kuibadilisha weka D, na tovuti isome safu yenye fomula hii, siyo C:

```
=IF(NOW()-D2>6/24,"Uliza bei",C2)
```

Saa sita zikipita tangu ubadilishe, bei inajificha. Ila NOW() kwa kawaida huhesabu upya karatasi ikiguswa tu, yaani siku uliyosahau ndiyo itakuangusha. Ingia File > Settings > Calculation, chagua “On change and every hour”.

Wapo wanaoshauri kwenye D uandike saa tu; wamepatia nusu: bila tarehe, kila bei itasomeka “Uliza bei”.

Kilo zilizobaki usiandike, muuzaji wa mnadani hana nafasi ya kuzihesabu; “ipo” au “imeisha” inatosha.